Kuupima Utangulizi wa Insha: Usuli, Dai na Ramani ya Hoja

Utangulizi wa insha ya kitaaluma hutarajiwa kufanya kazi tatu kabla msomaji hajafika kwenye kiini. Kazi ya kwanza ni kutoa usuli, yaani kumpa msomaji maarifa machache ambayo bila hayo hataelewa kwa nini swali linaulizwa wala tatizo liko wapi. Kazi ya pili ni kutamka dai, yaani kauli ambayo insha itaithibitisha na ambayo mtu mwingine mwenye akili timamu anaweza kuikataa. Kazi ya tatu ni kuchora ramani ya hoja, yaani kueleza kwa ufupi mfuatano wa hatua ambazo kwazo dai hilo litathibitishwa. Walimu wengi wanazijua kazi hizi na kuzifundisha, na wanafunzi wengi wanaweza kuzitaja kwa ghibu. Hata hivyo, katika mafungu ya insha zinazosahihishwa kila muhula, tangulizi zinazozitimiza ni chache kuliko zile zinazoiga tu sura yake. Mhadhara huu unashughulikia swali finyu: ni kwa njia gani msahihishaji, au mwandishi anayejisahihisha mwenyewe, anaweza kubaini kwamba kazi hizo tatu zimefanyika kweli, na kwamba hazikugharimu maneno yasiyohitajika. Jibu linalotetewa hapa ni kwamba utangulizi haupimwi kwa kufuata mpangilio unaosomwa nao. Husomwa kuanzia usuli, lakini hupimwa kuanzia dai, kwa kuwa dai ndilo linaloamua ni usuli gani unahitajika na ni ramani ipi inafaa.

Ili suala hili lisibaki hewani, mhadhara utatumia swali moja la insha linalofahamika vyema katika idara za Kiswahili: je, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwa ubora wake wa kilugha au kwa sababu zilizo nje ya lugha? Historia inayohusika inajulikana kwa kiasi cha kutosha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha iliyozihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ambayo katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, na ambayo ilipewa kazi ya kusimamia tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Mshindani mkuu wa Kiunguja alikuwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, mji uleule ulioupokea mkutano. Swali linataka insha ya maneno 1,500, na utangulizi ufuatao, ambao umetungwa kwa ajili ya mhadhara huu, unafanana na mamia ya tangulizi zinazoandikwa kulijibu:

“Lugha ni chombo muhimu sana katika maisha ya binadamu tangu enzi na enzi. Wataalamu mbalimbali wameeleza maana ya lugha, na kwa ujumla wanakubaliana kwamba lugha ni mfumo wa sauti nasibu unaotumiwa na jamii kwa mawasiliano. Kiswahili ni lugha ya Kibantu inayozungumzwa katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kati, na kina lahaja nyingi, kama vile Kiamu, Kimvita, Kipemba, Kimtang’ata na Kiunguja. Usanifishaji ni mchakato wa kuchagua lahaja moja na kuifanya iwe lugha ya matumizi rasmi. Usanifishaji wa Kiswahili ulifanyika katika miaka ya 1930 wakati wa ukoloni wa Waingereza. Insha hii inalenga kujadili sababu zilizofanya lahaja ya Kiunguja ichaguliwe. Kazi hii imegawanyika katika sehemu tatu, ambazo ni utangulizi, kiini na hitimisho.”

Tuseme kwamba kiini cha insha hii kina aya nne: ya kwanza inaeleza jinsi misafara ya biashara ya karne ya 19 ilivyokipeleka Kiunguja Tabora, Ujiji hadi mashariki ya Kongo, ya pili inazungumzia vitabu vilivyochapishwa na wamishenari wa Unguja, hasa kazi ya Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiunguja kilitoka mwaka 1870, ya tatu inaeleza haja ya serikali za kikoloni kupata vitabu vya shule vyenye tahajia moja, na ya nne inajadili madai kwamba Kiunguja kilikuwa chepesi kujifunza. Hitimisho, katika sentensi yake ya mwisho, linasema kwamba sababu za nje ya lugha zilikuwa na uzito kuliko ubora wa lahaja yenyewe. Insha yenyewe si mbaya. Mwandishi wake amesoma, ana ushahidi, na amefikia uamuzi. Utangulizi wake, hata hivyo, hauonyeshi lolote kati ya hayo, na kosa la msahihishaji mwenye haraka ni kuupa alama zote kwa sababu una usuli, una neno “inalenga” na una sentensi inayotaja sehemu za kazi.

Kipimo cha dai huanza kwa kuifunika karatasi ya swali pamoja na kiini cha insha, ili msahihishaji abaki na utangulizi peke yake, kisha ajaribu kuandika pembeni sentensi moja inayosema mwandishi atathibitisha nini. Kwa utangulizi ulionukuliwa, jambo pekee linaloweza kuandikwa ni kwamba mwandishi atajadili sababu. Kujadili sababu ni jina la shughuli, na tamko la shughuli haliwezi kukataliwa na mtu yeyote, kwa maana hakuna atakayesimama kusema kwamba mwandishi huyo hatajadili. Hapo ndipo inapodhihirika tofauti kati ya lengo na dai, tofauti ambayo miongozo mingi huipita haraka: lengo hueleza mwandishi anataka kufanya nini, ilhali dai hueleza anashikilia nini. Insha fupi ya kitaaluma inahitaji vyote viwili, lakini dai likitamkwa vizuri hulibeba lengo ndani yake, ilhali lengo peke yake halilibebi dai.

Kipimo cha pili cha dai ni cha kubadilishana. Msahihishaji huichukua sentensi ya lengo na kuiweka kwenye insha ya mwanafunzi mwingine, ambaye amehitimisha kinyume kabisa, kwamba Kiunguja kilichaguliwa kwa sababu muundo wake ulikuwa mwepesi na matamshi yake yalikubalika kwa watu wengi. Sentensi “insha hii inalenga kujadili sababu zilizofanya lahaja ya Kiunguja ichaguliwe” inakaa huko bila kubadilishwa hata neno moja. Sentensi inayozifaa insha mbili zinazopingana haijasema lolote kuhusu mojawapo. Kipimo hiki kina faida kwamba hakitegemei ladha ya msahihishaji wala umahiri wake katika mada. Hata mwalimu wa somo jingine anaweza kukitumia na kupata jibu lilelile.

Inafaa kuuliza kwa nini kosa hili limeenea kiasi hiki, kwa kuwa sababu yake ikijulikana, tiba yake huwa rahisi. Mara nyingi dai halikosekani, huchelewa. Mwandishi wa mfano uliotolewa alikuwa na dai, ila alilipata alipofika mwisho, baada ya kupima ushahidi wa aya nne, na kwa sababu alikuwa amekwisha kuandika utangulizi kabla ya kujua anashikilia nini, hakurudi kuubadilisha. Kwa hiyo msahihishaji anayetaka kusaidia hana haja ya kuandika pembeni kwamba “lengo halieleweki,” maneno ambayo mwanafunzi huyasoma bila kujua afanye nini. Inatosha aizungushie mstari sentensi ya mwisho ya hitimisho na kuchora mshale unaoipeleka ukurasa wa kwanza. Katika chumba cha mtihani, ambako hakuna nafasi ya kuandika upya, tahadhari inayolingana na hiyo ni kuandika rasimu ya hoja katika mistari minne au mitano pembeni kabla ya kuanza, au kuacha mistari mitupu mahali pa dai na kuijaza mwishoni. Tahadhari ya pili huonekana ya ajabu kwa waliozoea kuandika moja kwa moja, lakini haikatazwi na kanuni za kawaida za mtihani, na dakika zinazotumika ni chache.

Dai likishapatikana, ndipo usuli unaweza kupimwa, na si kabla ya hapo. Usuli hauna urefu wake wenyewe unaofaa. Urefu wake hutokana na umbali uliopo kati ya kile ambacho msomaji tayari anakijua na kile anachohitaji kujua ili dai liwe na maana kwake. Msomaji wa insha hii ni mhadhiri au mwanafunzi mwenzake wa Kiswahili. Hahitaji kuambiwa kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano, wala kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Anachohitaji ni kuona tatizo: kwamba kulikuwa na lahaja zaidi ya moja zilizostahili kufikiriwa, kwamba uamuzi ulifanyika mahali fulani na wakati fulani, na kwamba maelezo yanayotolewa kuhusu uamuzi huo yanatofautiana. Katika utangulizi ulionukuliwa, maneno sitini ya kwanza hayagusi lolote katika hayo isipokuwa orodha ya lahaja, na hata orodha hiyo inamweka mshindani mkuu, Kimvita, katikati ya majina mengine kana kwamba lahaja zote tano zilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa.

Njia ya kuupima usuli ni kuondoa sentensi moja moja kuanzia ya kwanza, na kila baada ya kuondoa kuuliza kama dai bado linaeleweka na bado linaonekana kuwa na mgogoro ndani yake. Sentensi ya kwanza ikiondolewa, hakuna kinachopotea. Ya pili ikiondolewa, hakuna kinachopotea vilevile, na maneno 22 yamerudi mikononi mwa mwandishi. Ya tatu inaleta mashaka kidogo, kwa kuwa inataja lahaja, lakini sehemu inayohusu Ubantu na nchi nyingi za Afrika inaweza kuondoka peke yake. Ya nne, inayofafanua usanifishaji, inaondoka pia, kwa sababu hakuna katika insha nzima anayebishania maana ya neno hilo. Ya tano ndiyo ya kwanza ambayo ikiondolewa kitu hupungua, nayo ina kasoro ya aina nyingine: inasema kwamba usanifishaji ulifanyika katika miaka ya 1930, ilhali lahaja ilichaguliwa mwaka 1928 na miaka ya 1930 ilikuwa ya utekelezaji, ambayo ndani yake ndimo kamusi za kamati, zilizotoka mwaka 1939, zilimotayarishwa. Kwa insha inayouliza kwa nini uamuzi ulifanyika, kukosea wakati wa uamuzi si jambo dogo. Hivi ndivyo maneno ya ziada yanavyodhuru kwa namna isiyoonekana mara moja: mwandishi aliyetumia sentensi nne kusema yanayojulikana alibakiwa na sentensi moja tu ya kusema jambo la lazima, akalisema kwa jumlajumla.

Suala la fasili linastahili kuangaliwa kwa kirefu zaidi, kwa kuwa desturi ya kufungua insha kwa fasili za maneno ya swali imekita mizizi katika vyuo vya Afrika Mashariki, na wapo walimu wanaoidai. Desturi hiyo si kosa kwa asili yake. Fasili huwa na kazi pale ambapo dai lingebadilika kama neno lingefasiliwa vingine. Katika swali la Kiunguja lipo neno la namna hiyo, nalo si “lugha” wala “usanifishaji”, bali ni “ubora wa kilugha”. Mtu anayeelewa ubora kuwa ni wepesi wa kujifunza atakuwa na hukumu yake; anayeuelewa kuwa ni utajiri wa msamiati na ukongwe wa maandishi atakuwa na nyingine, na huyo wa pili atalazimika kukifikiria Kimvita, ambacho tayari katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 kilikuwa na mshairi wa kiwango cha Muyaka bin Haji. Mwandishi wa mfano alifasili maneno mawili yasiyobishaniwa na kuliacha moja linalobishaniwa. Kwa hiyo msahihishaji asiulize kama fasili ipo. Aulize kama neno lililofasiliwa linaonekana tena katika kiini likiwa na maana ileile iliyotolewa, na kama hoja ingeyumba lisingefasiliwa. Neno lisiloonekana tena lilifasiliwa kwa ajili ya mazoea.

Pengine mazoea haya ya kuanza mbali yana chimbuko pia katika fasihi yenyewe. Tenzi nyingi za zamani hufunguliwa kwa kumtaja Mungu na kumswalia Mtume, kisha mtunzi huagiza wino na karatasi kabla ya kufika kwenye kisa. Dibaji ya aina hiyo ina kazi yake: huitakasa kazi, humtambulisha mtunzi kuwa mtu wa adabu, na huwapa wasikilizaji nafasi ya kutulia kabla kisa hakijaanza. Msomaji wa insha ameketi tayari na ameishika karatasi mkononi, kwa hiyo sehemu ya kazi hiyo haipo tena. Anayetaka kuitetea heshima ya utangulizi mrefu kwa kutaja mapokeo ya utenzi anapaswa kukumbuka kwamba katika tenzi hizo hakuna ubeti wa dibaji usio na kazi inayotambulika.

Ramani ya hoja ndiyo sehemu inayopimika kwa urahisi kuliko zote, na pengine kwa sababu hiyo ndiyo inayoigwa zaidi. Sentensi “kazi hii imegawanyika katika sehemu tatu, ambazo ni utangulizi, kiini na hitimisho” ni ya kweli kwa insha yoyote iliyowahi kuandikwa, ikiwamo ile ya kemia na ile ya ushirika wa kahawa, na kwa hiyo haimwelekezi msomaji popote. Ramani halisi hutaja hatua za hoja kwa majina yake, na, jambo ambalo husahaulika zaidi, huonyesha kwa nini hatua moja inafuata nyingine. Kuipima kunahitaji kazi ndogo ya mkono: msahihishaji huandika pembeni mwa kila aya ya kiini kifungu cha maneno matatu au manne kinachosema aya inafanya nini, kisha hulinganisha orodha hiyo na ramani iliyoahidiwa. Hitilafu hutokea kwa namna mbili kuu. Yako mambo yaliyoahidiwa yasiyotimizwa, ambayo kwa kawaida ni mabaki ya mpango wa awali ambao mwandishi aliuacha njiani. Na yako mambo yaliyotimizwa yasiyoahidiwa, ambayo mara nyingi ni aya iliyoingizwa kwa sababu maandalizi yake yalikuwepo, si kwa sababu hoja iliihitaji. Namna ya pili ndiyo inayofaa kushughulikiwa kwa uangalifu, kwa kuwa tiba yake inaweza kuwa kuirekebisha ramani au kuiondoa aya, na ni dai pekee linaloweza kuamua.

Ramani nayo ina mipaka yake. Katika insha ya maneno 500 yenye aya tatu za kiini, sentensi nzima ya ramani inaweza kuwa ni ziada, kwa sababu dai lililotamkwa vizuri tayari linataja sababu zake kwa mpangilio utakaofuatwa. Katika tasnifu ya kurasa mia mbili, ramani hupewa sehemu yake yenye kichwa cha habari. Insha ya maneno 1,500 iko katikati, na sentensi moja, hata ikiwa ndefu, inatosha. Msahihishaji anayekata alama kwa sababu hakuiona sentensi inayoanza kwa “insha hii itaanza” bila kutazama kama dai limekwisha kuifanya kazi hiyo, anapima fomula badala ya kazi.

Kwa kuvitumia vipimo hivyo, utangulizi wa mwandishi yuleyule, kwa kiini kilekile, ungeweza kuandikwa hivi:

“Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ingawa Kimvita, lahaja ya mji huohuo, kilikuwa na ushairi wa maandishi wa muda mrefu pamoja na watetezi miongoni mwa wamishenari. Uchaguzi huo mara nyingi huelezwa kana kwamba Kiunguja kilikuwa lahaja bora au nyepesi zaidi. Insha hii inadai kwamba sababu zilizoamua zilikuwa nje ya lugha: Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuenea bara na kuchapishwa vitabuni kabla mkutano haujafanyika, na serikali za kikoloni zilihitaji lahaja iliyokwisha kufanya kazi hiyo. Hoja itaanzia kwenye njia za misafara ya karne ya 19, ipite kwenye vitabu vya wamishenari wa Unguja na mahitaji ya shule za kikoloni, kisha irudi kulipima dai la ubora wa kilugha, ambalo lina ukweli mdogo kuliko linavyodhaniwa.”

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni kwamba utangulizi huu si mfupi kuliko ule wa mwanzo. Ule ulikuwa na maneno 110. Huu una 114. Wanaodhani kwamba uchache wa maneno hupimwa kwa kuhesabu watashangaa, lakini kinachopimwa ni malipo ya kila neno. Kanuni ya mazoea inayoupa utangulizi sehemu moja ya kumi ya insha ingeruhusu maneno 150 hapa, na tangulizi zote mbili zimo ndani ya mpaka huo. Kanuni hiyo, kwa hiyo, haikuweza kuutenganisha mmoja na mwingine. Inasaidia kumzuia mtu anayeandika ukurasa mzima wa utangulizi kwa insha ya kurasa nne, na haifai kwa zaidi ya hapo.

Jambo la pili ni kwamba utangulizi wa pili nao haukuepukana na mashaka, na msahihishaji makini anapaswa kuyaona. Sentensi yake ya pili inasema kwamba uchaguzi “mara nyingi huelezwa” kwa namna fulani, bila kumtaja anayeeleza. Kauli ya namna hiyo ni hundi ambayo kiini kinapaswa kuilipa: aya ya nne isipomleta angalau mwandishi mmoja anayeyashikilia maelezo hayo, sentensi hiyo itakuwa imebuni mpinzani ili ashindwe kwa urahisi. Kifungu cha mwisho, “ambalo lina ukweli mdogo kuliko linavyodhaniwa,” kina maneno sita na kinatoa uamuzi kabla ya wakati wake. Kinaweza kutolewa bila dai kudhurika, na utangulizi ukabaki na maneno 108. Hata hivyo kuna sababu ya kukiacha, nayo ni kwamba kinamwambia msomaji kuwa aya ya nne haikuwekwa kama sababu ya nne sawa na zile tatu, bali kama pingamizi litakalojibiwa. Bila kifungu hicho, au kingine kinachofanya kazi kama yake, ramani ingeonekana kuwa orodha ya vitu vinne vilivyopangwa foleni. Suluhisho la kati ni kuandika “kisha irudi kulijibu dai la ubora wa kilugha” na kuiachia “kulijibu” kazi yote, na pengine hilo ndilo bora.

Kuna kigezo kingine ambacho wasahihishaji wa makala za utafiti hukitumia, na ambacho hakipaswi kuhamishiwa kwenye insha bila tahadhari. Mwaka 1981 mwanaisimu John Swales alichunguza tangulizi 48 za makala za kitaaluma na kutambua hatua nne zinazojirudia, ambazo katika kitabu chake cha mwaka 1990 alizipunguza kuwa tatu: kwanza mwandishi huonyesha uwanja anaoufanyia kazi, kisha huonyesha pengo lililo katika uwanja huo, na mwisho hulijaza pengo kwa kutangaza utafiti wake. Mfumo huo umefundishwa kwa upana, na manufaa yake ni ya kweli, kwa kuwa unasisitiza kwamba kati ya usuli na dai lazima kuwe na jambo linaloulazimisha usuli uelekee kwenye dai. Katika utangulizi wa pili kazi hiyo inafanywa na neno “ingawa” na sentensi inayolifuata. Ugumu ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana pengo la utafiti la kujaza. Anajibu swali aliloulizwa na mtu mwingine, kutokana na vitabu ambavyo mwalimu wake amevisoma. Akilazimishwa kuonyesha pengo, ataandika kwamba “hakuna mtaalamu aliyewahi kulichunguza suala hili kwa kina,” kauli ambayo karibu kila mara si ya kweli na ambayo msahihishaji anaijua kuwa si ya kweli. Kinachotakiwa katika insha ni mvutano: mambo mawili yanayojulikana ambayo hayakai pamoja kwa urahisi, kama vile hili la mkutano kufanyika Mombasa na kuiacha lahaja ya Mombasa.

Tatizo la mwisho linahusu mwongozo wa kusahihisha. Mwongozo unaotenga alama moja kwa fasili, moja kwa lengo na moja kwa mgawanyo wa kazi huufanya utangulizi wa kwanza upate tatu kwa tatu, na ule wa pili upate moja au mbili, kwa sababu hauna fasili na hauna neno “inalenga”. Wanafunzi si wajinga. Huandika kile kinacholipwa, na baada ya miaka mitatu ya kulipwa kwa fomula huwa wameisahau njia nyingine. Mwongozo unaweza kubadilishwa bila kuongeza alama hata moja: alama ya kwanza itolewe ikiwa msahihishaji ameweza kuandika dai la insha kutokana na utangulizi peke yake, ya pili ikiwa hakuna sentensi ya usuli inayoweza kuondolewa bila hasara, na ya tatu ikiwa ramani inalingana na aya za kiini kama zilivyoandikwa. Wasahihishaji wawili watatofautiana zaidi kwenye alama ya pili, kwa kuwa hasara huonekana tofauti kwa wasomaji tofauti, na hapo inafaa wakubaliane kabla ya kuanza kazi kwamba msomaji anayekusudiwa ni nani.

Kwa mwongozo huo utangulizi wa kwanza haupati hata alama moja, na insha yake, ambayo kiini chake ni kizuri, bado inaweza kufaulu. Maelezo anayostahili kuandikiwa mwanafunzi huyo ni mafupi: aiandike kwa maneno yake sentensi moja kuhusu uchaguzi wa Kiunguja ambayo mwenzake anaweza kuikataa, aipeleke ukurasa wa kwanza, na afute kila sentensi iliyo kabla yake ambayo mwenzake huyo haihitaji ili ajue anakataa nini.